Kadi ya Kumi na Tano

Ghislaine Ferrandou alikuwa mtu wa shuka. Alipoachika akiwa na miaka thelathini na mitano, na binti mdogo mkononi, aliingia katika kiwanda kimoja cha kufulia kaskazini mwa Marseille, kule ambako malori ya hospitali na hoteli hushusha magunia tangu alfajiri. Alisema atakaa mwaka mmoja tu, mpaka mambo yakae sawa. Akakaa kumi na tisa. Binti yake Coralie akakua, akasoma, akahamia Lyon, na Ghislaine bado alikuwa akikunja pembe kwa pembe.

Kiwanda kilikuwa na pande mbili na ukuta katikati. Upande mchafu ndiko magunia yalikofunguliwa na kuchambuliwa kwa mkono, na humo ndani ulikuta chochote alichosahau mgonjwa au muuguzi: damu, kinyesi, meno ya bandia, mara moja hata pete ya ndoa. Upande safi ulikuwa na mashine kubwa ya kunyoosha shuka, joto lake la kukausha mate mdomoni, lakini angalau ulinukia sabuni. Kila mwanamke aliutaka upande safi. Na aliyeamua nani akae wapi alikuwa meneja, Bwana Delorget.

Delorget alikuja miaka minne kabla ya mambo haya. Mtu mwembamba, mpole wa sauti, mwenye kukumbuka siku ya kuzaliwa ya kila mtu. Mwezi wa kwanza alimwita Ghislaine ofisini, akamwekea kiti, akamtilia kahawa kwa mkono wake.

"Madamu Ferrandou, wewe ndiye moyo wa kiwanda hiki," alimwambia. "Bila wewe mimi ni kipofu. Nisaidie kuona."

Msaada wenyewe ulikuwa daftari dogo la jalada jeusi. Humo Ghislaine aandike nani ameacha mashine, saa ngapi, ameenda wapi, na amekaa dakika ngapi. "Si kwa ubaya," alisema Delorget. "Ni kwa mpangilio tu." Ghislaine akaandika. Kwa malipo yake akapata zamu ya asubuhi na upande safi daima, na kahawa ya Ijumaa.

Ila hiyo kahawa haikuwa bure. Wiki moja Delorget angemsifu mpaka masikio yake yawake moto, wiki inayofuata angesimama mbele ya wenzake, ainue shuka aliyoikunja, aiachie idondoke sakafuni na kusema, "Hivi ndivyo anavyokunja mtu aliyechoka na maisha. Kunja tena." Wenzake waliangalia viatu vyao. Walijua habari za daftari, au walizikisia. Hawakumcheka wala hawakumtetea. Alipoingia chumba cha kubadilishia nguo, mazungumzo yalikatika kama uzi.

Mara tatu aliandika barua ya kuacha kazi. Mara tatu Delorget, kana kwamba ananusa wino, alimwita ofisini siku hiyohiyo. "Nimekuwa mkali, najua. Wakubwa wananibana. Wewe peke yako ndiye unayenielewa." Naye alirudi nyumbani na barua mkobani, amefarijika, na kisha akachukia kufarijika kwake. Jumatatu alfajiri alikuwa akitapika. Akazoea kutapika, kama mtu anavyozoea mvua.

*

Mwezi wa pili, mwaka ule, jina la Echati Mdahoma lilijaa katika daftari. Echati alikuwa Mngazidja, wa visiwa vya Komoro, mwenye miaka thelathini na moja, mcheshi, mwenye kuimba kwa pua mashine zikinguruma. Alikuwa na maradhi ya kibofu na alikwenda chooni mara kwa mara. *Echati, choo, dakika saba. Echati, choo, dakika sita.* Ghislaine aliandika kilichokuwa kweli. Delorget alisoma, akatikisa kichwa kwa huzuni, na Jumatatu iliyofuata Echati akahamishiwa upande mchafu.

"Dada Ghislaine," Echati alimwuliza mlangoni, bila hasira bado, "mimi nimekukosea nini?"

"Mpango si wangu. Muulize bosi."

"Bosi ananiambia nikuulize wewe."

Wiki tatu baadaye, Jumanne, Echati alitumbukiza mkono ndani ya gunia la hospitali na sindano ikamwingia katika nyama ya kidole gumba. Glavu nene zilikuwa zimekwisha tangu Alhamisi. Alivaa zile nyembamba za kusafishia vyombo. Alikimbilia bomba lililo kwenye mlango wa kati ya pande mbili, akaminya kidole, akaosha, akaosha tena. Delorget alikuja, akatazama tone la damu, akasema, "Umejikwaruza kwa zipu. Malori mawili yanasubiri. Rudi kazini."

Echati akarudi. Kibarua chake kilikuwa cha mkataba wa miezi sita, na kwao Moroni kuna watu saba wanaokula kwa jasho lake. Alikwenda hospitali kesho yake baada ya zamu. Daktari alimpa dawa za kuzuia virusi, za kumeza siku ishirini na nane, na akamwambia wazi kwamba angefika ndani ya saa nne za mwanzo ingekuwa kheri zaidi. Sasa ni kumeza, kupima damu, kungoja, kupima tena.

Echati akadai ajali hiyo iandikwe kuwa ajali ya kazini. Delorget akaijibu bima kwamba hakuna ajali wala sindano, na hakuna shahidi. Alhamisi akamwita Ghislaine. Kahawa ilikuwa tayari mezani, na karibu yake karatasi iliyokwisha pigwa chapa.

"Ni sentensi mbili," alisema. "Kwamba ulikuwepo asubuhi ile na hukuona kitu. Msimamizi wa zamu anastaafu mwezi wa sita, unajua? Nimekwisha litaja jina lako. Niletee Jumatatu."

*

Bi Toussainte Leccia aliishi mtaa wa Belle de Mai, ghorofa ya tatu bila lifti. Alikuwa Mkorsika wa miaka sabini na minne, aliyefanya kazi ya kukata tiketi za tramu mpaka alipostaafu, na Jumamosi mchana aliwapigia watu ramli ya kadi kwenye meza yake ya jikoni. Hakuwa na mshumaa wala kilemba. Alikuwa na kitambaa cha plastiki chenye picha za ndimu, paka mzee, na karata za kale za taroti za Marseille zilizolainika pembe kama sabuni iliyotumika. Aliyetaka kumpa kitu aliacha kwenye sahani ya mlangoni. Asiyekuwa nacho aliondoka na salamu.

Ghislaine alikuwa amekwenda kwake mara mbili tu zamani, kwa habari za mume. Safari hii alikaa bila kuvua koti, akaeleza habari za bosi wake na kutapika kwake kwa pumzi moja.

"Nataka kujua Delorget ataondoka lini."

"Kadi si kalenda, mwanangu. Na huyo Delorget hayupo hapa. Aliyepo ni wewe. Niulize la kwako."

"Basi, nitapona lini."

"Hilo la daktari."

Ghislaine akatoa pumzi kwa nguvu. "We mama, unataka niulize nini?"

"Unaamka kila siku unakwenda mahali panapokutapisha. Mimi ningeuliza hivi: ni nini kinachonishika pale?"

Ghislaine aliyarudia maneno hayo polepole. Akachanganya karata, akakata kwa mkono wa kushoto kama alivyoelekezwa. Bi Leccia akachukua ya juu na kuigeuza. Moja tu.

Alikuwa Shetani, namba kumi na tano, kadi ikiwa wima. Ghislaine alipiga ishara ya msalaba kabla hajajua anafanya nini.

"Ndiye yeye! Nilijua. Delorget mtupu!"

"Ngoja. Usimpe mtu jina kabla hujamtazama." Bi Leccia akaisogeza kadi katikati. "Niambie unachoona. Si unachojua. Unachoona."

"Shetani. Mabawa ya popo. Pembe. Ana maziwa ya mwanamke na…" akasita, "na utupu wa mwanamume pia. Amesimama juu ya kitu kama kibao. Mkono mmoja kauinua, mwingine una mwenge."

"Wengine husema upanga usio na mpini, ameshika makali yenyewe. Endelea. Chini."

"Vishetani viwili. Na vyenyewe vina pembe, na mikia. Vimefungwa kamba shingoni. Kamba inaingia kwenye pete ya kile kibao."

"Kamba imekaza?"

Ghislaine aliinama. "Haijakaza. Imelegea." Uso wake ukabadilika. "Nimeliona hilo kwenye simu. Wanasema mnyororo ni mpana, hao watu wangeweza kuuvua wenyewe wakitaka. Ndivyo unavyotaka kuniambia? Kwamba nimejifunga mwenyewe? Niache kazi, basi? Nikiacha mwenyewe sipati hata msaada wa wasio na kazi! Nina miaka hamsini na minne, nani ataniajiri?"

"Sijasema kitu."

"Lakini utasema!"

"Hao wa simu wanatazama karata za Waingereza," alisema Bi Leccia. "Kule kuna mwanamume na mwanamke uchi, mikono yao huru, na mnyororo mpana. Ni rahisi kumwambia mtu, vua. Hizi zetu ni za zamani zaidi. Tazama mikono ya hawa."

Ghislaine akatazama. Vishetani vyote viwili vilikuwa vimeweka mikono nyuma ya mgongo.

"Imefungwa?" aliuliza.

"Ndilo swali. Mchoraji hakutuonyesha. Labda imefungwa. Labda wameiweka nyuma wenyewe kwa adabu, kama mtumishi anavyosimama mbele ya bwana. Nimeitazama kadi hii miaka arobaini, sijui. Kwa hiyo simwambii mtu mwenye deni, au mwenye bosi kama wako, kwamba vua tu. Kuna wenye mikono iliyofungwa kwelikweli, na kuwaambia hivyo ni kuwatukana. Ninachomwambia ni hiki: ipapase. Kidole kwa kidole. Ujue kipi kamba, kipi mazoea."

Paka aliruka kutoka dirishani. Bi Leccia akamfukuza kwa kiganja asikanyage kadi.

"Jambo jingine. Umeniambia huyu mkubwa ni Delorget. Sawa. Wewe ni nani hapa?"

"Mmoja wa hawa wawili. Nani mwingine?"

"Kweli. Wanacheka au wanalia?"

Ghislaine aliinamia kadi tena. Vile vinyago viwili vilikuwa na tabasamu dogo, la mtu aliyeshiba.

"Wamepata kitu," alisema Bi Leccia taratibu. "Kadi hii haimsemi mtu anayeteswa tu. Inamsema anayeteswa na kulishwa kwa mkono mmoja. Wameota pembe kama zake kwa kukaa karibu naye. Sasa mimi sikujui kazini kwako. Jiulize: unapata nini pale, ambacho hutaki mtu ajue kwamba unakipenda? Na yule wa pili, aliyefungwa pete moja na wewe, ni nani?"

Damu ilimpanda Ghislaine usoni. Alitazama ukuta. Kisha akasema kwa haraka, kama anayebisha mlango, "Toa nyingine. Kadi moja haitoshi. Toa ya kuifafanua."

"Hapana."

"Madamu Leccia, nakuomba!"

"Ukiona Nyota au Jua utashika hilo na kulisahau hili. Nikikutolea ya pili, nitakuwa nakufunika blanketi. Umeuliza moja, umejibiwa moja." Akaigonga ile namba kwa ukucha. "Nitakwambia tu ilipokaa katika safu. Kabla yake, kumi na nne, ni malaika anayemimina maji kutoka chombo hiki kwenda hiki, kwa kiasi. Baada yake, kumi na sita, ni mnara unaopigwa na moto wa juu, na watu wanaanguka kichwa chini. Huyu yuko katikati. Kiasi kimekwisha, mnara haujapigwa. Anayekaa sana hapa, hutolewa kwa kuangushwa na mnara."

"Ingekuwa imegeuka? Juu chini?"

"Wengine wangesema kamba inaanza kufunguka. Haikugeuka."

Ghislaine alishuka ngazi akiwa na hasira na yule mama kuliko aliyowahi kuwa nayo kwa Delorget.

*

Msikilizaji angependa kusikia kwamba Jumatatu alikwenda akaichana ile karatasi. Haikuwa hivyo. Jumatatu alitapika, akaoga, akaenda, akasaini.

Delorget alimshika bega. "Nilijua," alisema. Na Ghislaine akajisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo. Usiku huo alilala saa nane mfululizo. Jumanne hakutapika. Alikula mkate wote wa asubuhi na siagi, akajiambia kwamba yale ya kadi ni upuuzi wa vikongwe.

Ulafi ule ndio uliomwamsha. Jumatano, akiwa mezani kazini na sandwichi ya pili mkononi, alimwona Echati kwenye benchi la mwisho, mbele yake chupa ya maji na chakula kisichoguswa. Zile dawa zilikuwa zikimpindua tumbo. Echati alifunika mdomo kwa kiganja, akainuka kwa haraka, akaelekea chooni. Na mkono wa Ghislaine, bila kuagizwa na mtu yeyote, kwa sababu hata Delorget hakuwepo kiwandani siku ile, ulikwenda mfukoni ukatoa daftari, na macho yake yakapanda kwenye saa ya ukutani.

Aliuona mkono ule kama wa mtu mwingine. Kalamu ilikuwa imekwisha andika *Ech*.

Hakuna aliyemshika kiwiko. Kiinua mgongo, umri, kodi ya nyumba, hizo zilikuwa kamba kweli, amezipapasa. Lakini hili lilikuwa lake. Alipenda kuwa mwenye kalamu. Miaka minne alidhulumiwa, na katika miaka hiyohiyo alipata utamu wa kuwa na watu chini yake, na utamu ndio uliomrudisha kila alfajiri zaidi ya hofu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Akafungua kurasa za nyuma mpaka ile Jumanne ya sindano. Alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri wa shule: *Saa nne na dakika ishirini. Echati, bomba la mlangoni, dakika kumi na moja. Anaosha kidole, damu. Bwana D. amekuja, amemrudisha.* Na pembeni, kwa wino wa kijani ambao kiwanda kizima kiliufahamu, Delorget alikuwa ametia saini yake ndogo, kama alivyofanya kila Ijumaa akimaliza kusoma. Safari hii alikuwa amesaini bila kusoma.

*

Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi alikuwa dereva wa lori aitwaye Norbert Vassalo, mtu mnene asiyependa maneno mengi. Ghislaine alimkabidhi daftari katika maegesho, Alhamisi baada ya zamu.

Norbert alifunua kurasa. Uso wake ulizidi kuwa mzito. "Mke wangu yumo humu," alisema.

"Najua."

"'Analia karibu na mashine, dakika nne.' Siku hiyo mama yake alikuwa amekufa, Ghislaine."

"Najua. Soma ile Jumanne."

Alisoma. Akainua macho. "Kwanza ulisaini kwamba hukuona kitu. Ukisema sasa uliona, utakuwa umekiri kusaini uongo. Watakufukuza kwa kosa kubwa. Kiinua mgongo chote kimekwenda."

"Ndiyo."

"Na daftari hili nikilipeleka kwa mkaguzi wa kazi, wenzako wote watalisoma."

Ghislaine akatoa kalamu mfukoni. "Nisaidie kuandika," alisema, "kabla sijabadili mawazo."

Walimfukuza kweli, wiki ya tatu, kwa barua ya rejesta. Siku ya kuchukua vitu vyake katika chumba cha kubadilishia nguo, mtu alikuwa amemimina maji ya upande mchafu ndani ya kabati lake. Mke wa Norbert alisimama pale akingoja, akamwambia tu, "Dakika nne," kisha akatoka. Ghislaine alisafisha kabati kwa koti lake lenyewe.

Mkaguzi alikuja, akahoji, akaandika. Bima ilikubali kwamba sindano ile ilikuwa ajali ya kazini. Delorget hakufungwa wala kutozwa chochote. Wakubwa walimpeleka tawi jingine, kule Toulon, na inasemekana wanawake wa kule wanampenda kwa sababu anakumbuka siku zao za kuzaliwa. Kiwandani aliletwa meneja mwanamke, na glavu nene zikapatikana.

Ghislaine alipungua kilo kumi na mbili. Coralie alikuja kutoka Lyon akakaa siku tatu, akasikia habari yote, na siku ya kuondoka akambusu mama yake kwa haraka, kama anayembusu mgonjwa wa kuambukiza. Baada ya miezi mitano Ghislaine alipata kazi ya saa nne kwa siku kuosha vyombo katika shule moja ya watoto wadogo. Kutapika kuliisha. Kulala hakukurudi.

Mwezi wa sita tangu sindano ile, Echati alipewa jibu la kipimo cha mwisho: damu ilikuwa safi. Norbert ndiye aliyempigia simu Ghislaine kumwambia, kisha akamwambia pia kwamba Echati anataka kumwona, Jumapili, nje ya ukumbi wa Wakomoro ambako kulikuwa na harusi.

Ghislaine alikwenda na sanduku la biskuti. Echati alitoka amejitanda shiromani, vazi la wanawake wa kwao, dahabu ya kuazima shingoni, nyuma yake ngoma zikilia. Walisimama kando ya mlango.

"Norbert anasema nikushukuru," Echati alisema. "Bila daftari lako wasingeniamini."

"Usinishukuru."

"Sikushukuru. Nimekuja kukwambia hilo." Alisema bila kupandisha sauti. "Miezi sita sikumbusu mwanangu mdomoni. Nilificha mswaki wangu. Mume wangu alihamia kwa kaka yake, na harudi. Hayo yote yalianza kwa dakika saba. Umenisaidia mwisho, nakubali. Lakini mwanzo ni wako pia, na mimi sina mahali pa kuuweka."

Ghislaine alitikisa kichwa kukubali. Alitaka kusema samahani, neno likawa dogo mno kinywani, akalimeza.

Mtu alimwita Echati kutoka ndani kwa lugha yao. Echati akatazama sanduku la biskuti, akasitasita, akalipokea.

"Watoto watakula," alisema, akaingia ndani, na mlango ukarudi taratibu nyuma yake.

Ghislaine alisimama nje mpaka wimbo ule ulipokwisha na mwingine kuanza. Kisha akavuka barabara kwenda kungoja basi, na kwa kuwa ilikuwa Jumapili, akangoja sana.